Muhtasari wa riwaya umegoma? Tafuta dalili, kisha anzia mwisho

Riwaya imekwisha. Ina maneno 90,000, na mchapishaji anataka sura tatu za mwanzo pamoja na muhtasari wa ukurasa mmoja unaoeleza kisa chote hadi mwisho. Hapo ndipo mtu aliyemaliza kitabu kizima bila kulalamika hukwama wiki mbili kwenye karatasi moja. Mimi husoma miswada inayotumwa, na nimewahi kutuma mihtasari yangu mwenyewe ikarudi, kwa hiyo dalili zilizomo humu nimeziona nikiwa msomaji na nikiwa mkosaji.

Tuanze na mzima, ili mgonjwa tumtambue. Muhtasari usio na kasoro unakaa kwenye ukurasa mmoja wa A4, nafasi moja kati ya mistari, herufi za ukubwa wa 12, pambizo za sentimita 2.5. Hiyo inakupa takribani maneno 500. Umeandikwa kwa wakati uliopo na nafsi ya tatu, hata kama riwaya yenyewe inasema "nilikwenda". Jina la mhusika muhimu likitajwa mara ya kwanza, wengi huliandika kwa herufi kubwa ili jicho lilione. Hauna mazungumzo, na mwisho wa kisa umo, wazi. Maelekezo ya unayemtumia yanapita haya yote: akisema maneno 300, ni 300, na akitaka nafasi mbili kati ya mistari, mpe.

Kwa nini wautake mwisho? Sura tatu zinaonyesha kama unajua kuandika sentensi na kumvuta msomaji. Hazionyeshi kama mambo uliyoyaanzisha umeyafikisha mahali. Jibu hilo msomaji wa miswada hana pengine pa kulipata ila kwenye muhtasari, maana hawezi kusoma maneno 90,000 ya kila anayetuma.

Nitatumia kisa kimoja cha kubuni toka mwanzo hadi mwisho. REHEMA ni mpima ardhi. Baba yake, mpima ardhi pia, amefariki, na mjomba wake KASIMU, msimamizi wa mirathi, anataka shamba la familia liuzwe haraka. Anamwomba Rehema alipime upya. Rehema anakuta mawe ya mpaka hayalingani na ramani: kipande chenye kisima, kilichohesabiwa kuwa cha familia yake, kilikuwa cha majirani, nao walifukuzwa miaka minane iliyopita. DAUDI, mtoto wa majirani hao, amefungua malalamiko kwenye baraza la ardhi. Katikati ya riwaya Rehema anagundua kwamba ramani ya uongo ina saini yake mwenyewe. Alikuwa ndiyo kwanza amepata leseni, baba yake akamletea rundo la ramani, naye akazitia saini bila kukanyaga shamba. Mwisho wake tutaufikia.

Dalili ya kwanza: ukurasa umejaa na kisa hakijafika katikati

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi. Mwandishi ana kurasa nne, amepunguza hadi mbili na nusu, na anaapa hakuna neno la kutoa.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni kwamba ameanza kuandika muhtasari kutoka sura ya kwanza. Sura ya kwanza anaijua kuliko zote, ameiandika upya mara kumi, na kila kilichomo anakiona cha lazima. Anaifupisha kwa upendo. Akifika sura ya ishirini nafasi imekwisha, anaanza kukimbia.

Kupima ni rahisi. Chukua kalamu, tafuta kwenye muhtasari sentensi ya tukio ambalo baada yake mhusika mkuu hawezi kurudi alikotoka, uchore mstari chini yake. Kwa Rehema ni pale anapokuta mawe hayalingani na ramani. Hesabu maneno yaliyo juu ya mstari. Kwenye ukurasa wa maneno 500, yakizidi 150 ugonjwa umeshaupata. Kisha hesabu ya mwisho: maneno kuanzia kilele hadi nukta ya mwisho. Ukurasa ulio sawa huwa na kama 100 au zaidi hapo. Rasimu nyingi ninazopokea huwa na 20.

Sababu ya pili ni majina. Yahesabu. Matano yanabebeka. Yakifika manane, kila jina linadai maelezo yake: huyu ni nani, ana uhusiano gani na yule, na maelezo hayo yanakula mistari. Dawa ni kumwita mtu kwa kazi yake. Karani wa baraza ni "karani", mnunuzi wa shamba ni "mnunuzi", mama ni "mama yake". Muhtasari wangu wa kwanza kabisa ulikuwa na majina kumi na manne kwenye ukurasa mmoja, likiwamo la mbwa.

Sababu ya tatu ni visa vya pembeni. Riwaya ya Rehema ina sura sita za harusi ya mdogo wake, na ni sura nzuri. Kipimo ni kimoja: kitoe kisa hicho halafu uangalie mwisho. Je, mwisho umebadilika, au umekuwa mgumu kuelewa? Harusi ikitoka, Rehema bado anafika barazani, bado anachagua alichochagua. Basi harusi inabaki kwenye kitabu na haimo kwenye muhtasari. Watu huumia hapa kana kwamba nimewaambia waifute harusi.

Sababu ya nne, isiyo ya mara kwa mara, ni usuli na mandhari: utoto wa mhusika, historia ya mji, maelezo ya mvua. Nusu sentensi inatosha, na mara nyingi hata hiyo haihitajiki.

Kama umekagua yote manne na bado umezidi kwa nusu ukurasa, acha kupunguza. Kupunguza kuna kikomo. Mtu anayepunguza huondoa kwanza viungo vidogo, "kwa sababu" na "kwa hiyo", na anabaki na matukio makavu yaliyobanana. Weka rasimu hiyo pembeni, fungua ukurasa mtupu na uandike kwa kuanzia mwisho. Andika maneno 100 ya mwisho wa riwaya, kwa uwazi wote. Kisha jiulize: mtu asiyekijua kitabu hiki anahitaji kujua nini ili maneno haya 100 yaeleweke na yamguse?

Kwa Rehema, orodha yangu ilitoka hivi. Lazima ajue kwamba Rehema ni mpima ardhi na leseni ndiyo riziki yake. Kwamba majirani walifukuzwa kwa ramani ya uongo, na kwamba ramani hiyo ina saini yake. Kwamba baba aliacha daftari la vipimo vya kweli, na Rehema peke yake ndiye ajuaye lilipo. Kwamba Kasimu ndiye aliyenufaika na anajua kuhusu saini. Na kwamba Rehema na Daudi wamekaribiana, na Rehema amemficha habari ya saini. Basi. Mambo hayo machache ndiyo muhtasari. Ukiyapanga kwa mfuatano wa kisa, na kila moja ukalipa sentensi mbili au tatu, unafika maneno 400 na nafasi inabaki.

Onyo: usitibu dalili hii kwa kupunguza herufi hadi ukubwa wa 10 au kubana pambizo. Msomaji anayefungua faili arobaini kwa siku anaiona hila hiyo kabla hajasoma neno.

Dalili ya pili: mwisho haupo, au upo kwa jina tu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mihtasari mingi inapofia, na mwandishi mwenyewe mara nyingi hajui kwamba ameugua.

Angalia alama ya mwisho kwenye ukurasa wako. Ikiwa ni alama ya kuuliza au nukta tatu, ugonjwa ni wa kawaida kabisa: umeandika maneno ya jalada la nyuma. "Je, Rehema atailinda heshima ya baba yake au ataisimamia haki?" Sentensi hiyo ina kazi yake dukani, mbele ya mnunuzi. Anayesoma muhtasari haulizwi. Yeye anakuja kupewa jibu. Tiba ni kulijibu swali lako mwenyewe kwenye mstari unaofuata, halafu kulifuta swali.

Sababu ya pili ni woga, nao ni wa aina mbili. Kuna anayeogopa kumharibia msomaji utamu, na kuna anayeogopa kuibiwa. Wa kwanza nitamwambia kwamba msomaji huyu hayupo kwenye burudani. Yuko kazini, na taharuki unayomfichia anaichukulia kuwa pengo. Wa pili atulie: mwisho peke yake, bila riwaya inayoufikia, si kitu cha kuibwa. Kama humwamini unayemtumia kiasi cha kumwonyesha ukurasa mmoja, usimtumie mswada wowote.

Sababu ya tatu ni ngumu zaidi kuiona, na kwa miswada ninayopata, iko kila mahali. Mwisho upo, lakini umeandikwa kwa maneno yanayoweza kuvaliwa na riwaya yoyote. Soma hii:

"Baada ya misukosuko mingi, Rehema anakabiliana na ukweli kuhusu familia yake. Anajifunza maana ya haki na msamaha, na maisha yake hayawi tena kama zamani."

Mwandishi wake anaamini ameueleza mwisho. Jaribu kuihamisha. Ondoa jina la Rehema, weka la daktari anayetafuta mtoto aliyepotea, au la nahodha wa meli. Inakaa vizuri kote, na ndiyo maana haifai. Kila sentensi ya robo ya mwisho ya muhtasari ipitie kipimo hicho cha kuhamishika. Inayoweza kuhama ihame. Weka mahali pake tendo lisiloweza kutokea kwenye kitabu kingine.

Ili kupata tendo hilo, uliza maswali manne kwa mfuatano. Mhusika mkuu anakabiliwa na chaguo gani la mwisho? Anafanya nini kwa mikono yake? Kinamgharimu nini? Mambo yanatulia katika hali gani mpya? Sasa mwisho wa Rehema unatoka hivi:

"Usiku wa kuamkia shauri, Kasimu anamkumbusha Rehema kwamba akiipinga ramani anajipinga mwenyewe: saini ni yake, na leseni itakwenda. Daftari la baba ndilo ushahidi pekee, na hakuna mwingine ajuaye kwamba lipo. Rehema analiweka jikoni karibu na moto hadi alfajiri. Asubuhi analifikisha barazani, anasoma vipimo vya kweli kwa sauti, kisha anaitambua saini yake. Daudi, ambaye hakuwa amejua, anatoka nje. Baraza linairudishia familia ya Daudi kipande chenye kisima. Rehema anafutiwa leseni, na mama yake anahama nyumba iliyojengwa juu ya ardhi hiyo bila kumuaga. Daudi hamsamehi. Lakini siku ya kusimika mawe mapya ya mpaka mpimaji mgeni anakosa msaidizi, na Daudi anamtuma mtoto akamwite Rehema. Riwaya inaishia Rehema akiwa ameshika ncha ya mnyororo wa kupimia, huku mtu mwingine akiandika namba."

Hiyo ni zaidi kidogo ya maneno 100, na inastahili. Angalia kwamba neno "msamaha" limetoweka kwa maana ya jumla na limerudi kama jambo mahususi: hamsamehi. Angalia pia kwamba hakuna mahali palipoelezwa Rehema "anajifunza" nini. Mnyororo mkononi mwa mtu aliyekuwa na leseni unatosha.

Kuna sababu ya nne, adimu lakini nzito: mwandishi mwenyewe hajui mwisho wake. Anajua sura ya mwisho ina nini, ila hajui kwa nini ndiyo ya mwisho. Dalili yake ni kwamba maswali manne hapo juu yanajibika matatu tu, na linalokosa jibu huwa la gharama au la chaguo. Mambo yanamtokea mhusika, mvua inanyesha, mjomba anakufa kwa ghafla, kesi inafutika. Hili halitibiki kwenye muhtasari. Nitalirudia mwishoni.

Maswali madogo matatu yanayoulizwa sana kuhusu mwisho:

Siri kubwa itajwe wapi? Itaje pale inapofichuka kwenye kitabu. Saini ya Rehema inafichuka katikati, basi na iandikwe katikati. Lakini kama riwaya inategemea msimulizi anayemdanganya msomaji hadi sura ya mwisho, sema mapema kwenye muhtasari kwamba anaficha, vinginevyo matendo yake ya katikati yataonekana ya kipumbavu.

Riwaya ni ya kwanza kati ya tatu? Eleza mwisho wa hii. Kitabu hiki lazima kiwe kimemaliza jambo fulani. Ukishaueleza, sentensi moja juu ya kinachobaki kwa vitabu vijavyo inatosha.

Mwisho uko wazi kwa makusudi? Hata mwisho ulio wazi una kitu kilichoamuliwa. Taja kilichofungwa, taja kilichoachwa, na taja taswira ya mwisho. "Hatujui kama Daudi atamsamehe" ni taarifa. "Msomaji anaachwa na maswali" ni kumung'unya maneno.

Dalili ya tatu: kisha, kisha, kisha

Ukurasa umefika mwisho, kila kitu kimo, lakini anayeusoma anachoka kabla ya aya ya tatu. Unasomeka kama ripoti ya safari: wakafika, wakala, wakaondoka.

Kipimo chake hakichukui dakika kumi. Kati ya kila sentensi na inayofuata, chomeka "kwa hiyo" au "lakini" kwa penseli. Pale ambapo hakuna linalokubali ila "kisha", tia alama. Alama mbili au tatu si neno. Zikizidi sita, kisa kimelegea viungo.

Mara nyingi kosa ni la upunguzaji: sababu ilikuwepo, ukaitupa ili upate nafasi. "Rehema anapima shamba. Anakutana na Daudi. Anatafuta daftari la baba yake." Matukio matatu yasiyojuana. Rudisha sababu: "Rehema anapima shamba na kukuta mawe hayalingani na ramani, kwa hiyo anamtafuta Daudi, ambaye malalamiko yake familia ilikuwa imeyacheka. Lakini Daudi hana ushahidi ila kumbukumbu, kwa hiyo Rehema anaanza kupekua daftari za kazi za baba yake." Maneno yameongezeka, na bado inasomeka kwa haraka kuliko ile fupi, kwa kuwa msomaji hasimami kuunganisha mwenyewe.

Sababu nyingine ni mhusika mkuu anayekokotwa. Pigia mstari vitenzi vyake. Kama vingi ni "anajikuta", "anaambiwa", "analazimika", "anagundua", basi yeye ni abiria. "Anagundua" hasa ni kitenzi cha uvivu. Kinaficha alifanya nini hadi akagundua. Badala ya "Rehema anagundua kwamba saini ni yake", andika kwamba anakwenda masjala kuomba nakala ya ramani ili amfichue aliyeisaini, na nakala inapofunguliwa anaona mwandiko wake. Hapo tendo lake mwenyewe ndilo lililomfikisha kwenye mtego.

Ya mwisho ni bahati. Bahati moja inayomtia mhusika matatani inavumilika. Bahati inayomtoa, muhtasari unaianika uchi. Kwenye kitabu, kurasa hamsini za maelezo mazuri zinaweza kuifunika. Kwenye ukurasa mmoja hakuna blanketi.

Dalili ya nne: kila kitu kimo lakini hakuna uhai

Waandishi hujaribu kuitibu hii kwa sifa: "riwaya hii ya kusisimua", "kwa namna ya kugusa moyo". Zifute zote, sifa zako mwenyewe hazina uzito mbele ya msomaji huyo. Futa na maudhui pia, sentensi za "riwaya inahusu usaliti na ukombozi".

Uhai unatoka mahali pawili tu kwenye maandishi mafupi kiasi hiki. Pa kwanza ni nia: kila mhusika aliyetajwa kwa jina awe anataka kitu kinachoweza kutajwa kwa nomino ya kushikika. Kasimu hataki "mamlaka". Anataka shamba liuzwe kabla ya shauri kusikilizwa. Pa pili ni kitu kimoja au viwili mahususi, kwa Rehema daftari na mnyororo. Zaidi ya hapo unarudi kwenye mapambo.

Dalili ya tano: nyakati mbili, wasimulizi wengi

Riwaya inayoruka kati ya sasa na zamani humchanganya msomaji wa muhtasari upesi sana. Chaguo salama ni kueleza kisa kwa mfuatano wa matukio yalivyotokea, na mwanzoni kuweka sentensi moja: "Riwaya inasimuliwa kwa nyakati mbili zinazopishana." Vunja kanuni hiyo ikiwa tu kisengerenyuma chenyewe ndicho kinachobeba ufunuo mkuu. Wasimulizi watano hawahitaji aya tano. Chagua yule ambaye mwisho unamgharimu zaidi, wengine waingie pale wanapomgusa.

Mahali pa kusimama na kutafuta mtaalamu

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, fanya jaribio moja la bure. Mpe ukurasa wako mtu asiyekisoma kitabu. Akimaliza, uchukue, umwombe akusimulie kwa mdomo kisa kinaishaje na kwa nini kinaisha hivyo. Usimsaidie. Akiusema mwisho lakini akashindwa kusema "kwa nini", rudi kwenye dalili ya tatu. Akisema mwisho usio wako, rudi ya pili.

Ukiwa umeandika upya mara tatu, na kila mara pengo likajitokeza mahali pale pale, acha kuandika muhtasari. Kasoro haiko kwenye karatasi hiyo, iko kwenye mswada. Mwandishi mmoja aliniletea ukurasa ambao kila rasimu yake ilipwaya kati ya katikati na kilele. Tulipofungua riwaya tukakuta sura saba ambamo mhusika mkuu anasubiri barua. Hapo anayehitajika ni mhariri anayeshughulikia muundo wa kisa, asome mswada mzima. Msahihishaji wa tahajia na sarufi hataligusa tatizo hilo; atakurudishia pengo lile lile likiwa limenyooshwa vizuri.

Simama pia ukiambiwa ulipe ili muhtasari wako usomwe na wakala, yule anayemtafutia mwandishi mchapishaji. Wakala wa kweli anapata asilimia yake kitabu kinapouzwa. Hatozi ada ya kusoma. Ada za kuingia kwenye mashindano ni jambo tofauti, na kumlipa mhariri kwa kazi mliyokubaliana ni tofauti pia. Na mtu anayejitolea kukuandikia muhtasari kwa kusoma sura zako tatu tu, asante na hapana: mwisho atautoa wapi?

Jambo la mwisho ni hatari kuliko linavyoonekana. Wakati wa kuandika kwa kuanzia mwisho, watu wengi hupata mwisho bora kuliko ule walionao, wakauandika kwenye muhtasari na kuutuma, wakiwa na nia ya kuurekebisha mswada baadaye. Kisha barua inakuja wiki ile ile: tutumie riwaya nzima. Kama mwisho umebadilika, badilisha sura kwanza, tuma baadaye. Na kabla ya kubonyeza, fungua faili mbili kando kwa kando, aya ya mwisho ya muhtasari na sura ya mwisho ya riwaya, uhakikishe aliyeshika mnyororo ni yule yule.